Picha zinazojirudia: Files by Google, SD Maid SE au kisafishaji cha kwenye tangazo?

Mbaazi: Simu yangu ni ya GB 64, zimebaki GB 2. Nataka kuondoa picha zinazojirudia. Nalinganisha Files by Google, SD Maid SE na kisafishaji kilichojitokeza kwenye tangazo, “simu yako ina taka GB 3.7”. Hicho kinaomba ruhusa ya SMS na Ufikivu. Nichukue kipi?

Koleo: Cha tatu achana nacho. Tangazo haliwezi kupima mafaili yako, kwa hiyo hiyo GB 3.7 ni ya kubuni. Na kufuta picha hakuhitaji SMS hata kidogo. Anayesoma SMS anasoma na namba za kuthibitisha za benki.

Tumbili88: Ukweli ni kwamba programu yoyote inayoomba Ufikivu ni ya wizi. Basi.

Koleo: Hapo umepata nusu. SD Maid SE nayo huomba Ufikivu, lakini ni kwa kazi ya kufuta kache. Tangu Android 6 programu ya kawaida hairuhusiwi kufuta kache za wenzake, ndiyo maana inafungua ukurasa wa kila programu na kubonyeza kitufe kwa niaba yako, nawe unaona. Kwa picha zinazojirudia huhitaji kuipa. Kinachotisha ni Ufikivu ukiandamana na SMS.

Zuhura_K: Mimi nina iPhone, nianze na ipi kati ya hizo?

Koleo: Hakuna, hizo ni za Android. Kuanzia iOS 16, programu ya Picha yenyewe hukusanya zinazojirudia na kuziunganisha.

Mbaazi, tofauti halisi ya hizo mbili ni hii. Files by Google hukuonyesha mafaili yanayofanana kabisa. Sasa chukua picha ya kamera ya MB 4 uliyoituma WhatsApp. Nakala yake hubaki kwenye folda ya `Sent` ikiwa imebanwa, labda KB 300. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni faili jingine, kwa hiyo haitajitokeza. SD Maid SE inaweza pia kulinganisha sura ya picha, hivyo huziona. Hatari iko hapohapo: ukikubali chaguo lake bila kutazama, unaweza kubaki na ya KB 300 ukapoteza ya MB 4. Fungua kila kundi, soma ukubwa, bakiza kubwa.

Mbaazi: Nimekwisha kukisakinisha hicho cha tangazo. Kitufe cha kuondoa hakibonyezeki.

Koleo: Kimejifanya msimamizi wa kifaa. Nenda Mipangilio, tafuta “msimamizi wa kifaa”, kizime, kisha ukiondoe. Kikikugomea, washa simu katika hali salama urudie. Nywila ya benki ibadilishe kwa simu nyingine, leo.

Tumbili88: Na hali salama inatosha? Mie ningerejesha mipangilio ya kiwandani.

Koleo: Kama kilishapewa SMS, sikupingi. Hamisha picha kwanza.