Mrejesho: mashine pepe sasa naziona kwenye Cockpit

Niliuliza: "Nimeweka Cockpit kwenye seva ya Debian, naingia vizuri kwa bandari 9090, ila mashine pepe nilizounda kwa virsh sizioni. Nakosea wapi?"

Wakuu, nimefanikiwa. Kilikosekana kifurushi cha mashine pepe, ambacho huwekwa peke yake:

```
sudo apt install cockpit-machines
```

Nikatoka, nikaingia upya, "Virtual machines" ikajitokeza pembeni na mashine zangu zote tatu zimo, maana Cockpit na virsh zinatumia libvirt ileile. Nikaweka tiki "Run when host boots" kwenye mashine ya hifadhidata, kisha nikahakiki kwenye teminali kwa `virsh dominfo`: Autostart imekuwa enable. Hapo ndipo nilipopumua, kwa sababu umeme ukikatika huku sitaamka tena usiku kuiwasha. Asanteni sana.