Naomba ushauri: tangazo linalobofywa sana ndilo linalonitia hasara

Habari zenu wakuu. Nauza madera kwa njia ya Instagram, wateja wanaagiza WhatsApp. Wiki iliyopita nilirusha matangazo mawili, kila moja shilingi 60,000, na yote yalionekana mara 40,000.

La kwanza ni video ya dada anazunguka na dera, bila bei. Lilibofywa mara 1,200, yaani 1,200 ÷ 40,000 = 3%. La pili ni picha tu, bei ya 18,000 imeandikwa juu. Lilibofywa mara 400, sawa na 1%. Nikataka kulizima hili la pili.

Bahati nzuri nilihesabu mauzo kwanza. Video ilileta wanunuzi 12 kati ya wabofyaji 1,200, yaani 1%. Picha 20 kati ya 400, yaani 5%. Kwa hiyo mteja mmoja wa video kanigharimu 60,000 ÷ 12 = 5,000, wa picha 3,000. Nikitoa mtaji na nauli ya boda, dera moja linaniachia 4,500. Video inanikata 500 kila nikiuza!

Nahisi wengi wa video walikuja kuuliza bei wakapotea (inbox ilijaa "bei gani dada").

Sasa, niizime video au niiwekee bei nijaribu tena? Na wanunuzi 12 kwa 20 wanatosha kuamua, au nisubiri wafike wangapi? Hofu yangu ni kwamba wanunuzi wanne watano tu wakiongezeka, hesabu yote inageuka.