Mrejesho: Pangaboi la sebuleni na taa za dari

Niliuliza: "Sebule yangu ni mita 3.6 kwa 4.2, dari ya jipsamu iko mita 2.8. Nifunge pangaboi la inchi ngapi, na taa nne ndogo za kuzama darini zikae wapi ili mwanga usichezecheze?"

Wakuu, kazi imekamilika, asanteni sana. Nilichukua la inchi 56, nikalifunga katikati. Bomba fupi limeacha mapanga sentimita 30 chini ya dari, yaani mita 2.5 kutoka sakafuni. Mtu mrefu akinyoosha mkono juu bado aangalie, lakini upepo unafika hadi kwenye makochi ya pembeni. Fundi alifunga ndoano kwenye boriti ya mbao juu ya jipsamu, maana jipsamu peke yake haibebi uzito ule unaotikisika.

Kwenye taa ndiko mlikonisaidia zaidi. Inchi 56 ni kama sentimita 142, kwa hiyo ncha ya panga iko sentimita 71 kutoka katikati. Fundi alipendekeza taa ziwe sentimita 80, nje kidogo ya duara. Mdau mmoja hapa alieleza kuwa mwanga hutanuka ukishuka: ukitoka kwa mlalo wa nyuzi 45, ndani ya zile sentimita 30 unasogea sentimita 30 kuelekea mapanga. 71 jumlisha 30 ni 101, hivyo 80 ingekatwa na mapanga, na kivuli kingepepesa ukutani.

Tukazipeleka pembeni, kila moja sentimita 60 kutoka kuta zote mbili za kona. Usiku nawasha vyote pamoja, spidi ya mwisho, na ukuta umetulia kabisa.