Nisaidieni kuandika upya tangazo letu la miti (Kongwa)

MtuwaKongwa: Wakuu, kikundi chetu cha kijiji kina ukurasa na grupu la WhatsApp. Tumeweka hili: "Tunza mazingira yakutunze! Tupande miti kwa ajili ya vizazi vijavyo, tuikijanishe Dodoma!" Watu wanagonga dole, lakini shambani hakuna kinachofanyika. Nirekebishe wapi?

Zabibu_Hombolo: Mkuu, miche ya mwarobaini mnauza bei gani? Nataka ya kuzungushia uwanja.

MtuwaKongwa: Hatuuzi miche, ndugu. Naomba ushauri wa maneno.

BwanaShambaMstaafu: Tangazo lenu halimwambii mtu aamke afanye nini. Sasa ni Septemba, mvua ni mpaka Desemba. Anayepanda mche leo ataumwagilia kwa maji gani, na dumu lenyewe analipangia foleni? Ombeni kinachowezekana mwezi huu, nacho ni kisiki hai. Mashamba yenu yamejaa visiki vinavyochipua, na kila mwaka watu wanavifyeka wakiandaa shamba. Mimi ningeandika hivi:

"Wiki hii, kabla hujafyeka shamba, tafuta kisiki kimoja kinachochipua. Acha machipukizi matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine yakate kwa panga kali. Funga kitambaa chekundu ili mwenye jembe akione. Mizizi iko chini tayari, hakihitaji hata ndoo moja ya maji. Matawi utakayopogoa miaka ijayo ni kuni za jikoni kwako."

Wekeni na picha ya kisiki kilichofungwa kitambaa, kutoka shamba la hapo hapo kijijini.

Mgogo_Halisi: Safi, ila sababu ya kuni ni ndogo. Andika miti inaleta mvua. Hapa kwetu mvua ndiyo inayomuuma kila mkulima.

BwanaShambaMstaafu: Kinachomuuma umekipata, ila ahadi hiyo usiitoe. Miti michache ya shamba moja haitaleta mvua, na msimu ukiwa mbaya watasema mmewadanganya. Sema kivuli na majani yanayodondoka husaidia unyevu ukae kidogo kwenye udongo, na upepo haupeperushi udongo ovyo. Hilo atalikagua mwenyewe chini ya mti.

MamaChamwino: Kuni si sababu ndogo, kaka. Anayezitembelea ni mwanamke. Ila tangazo liseme pia arudi baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya. Mimi sikuambiwa, kisiki changu kikawa kichaka tena.

MtuwaKongwa: Nimeelewa, hilo la kurudi nitalituma kama tangazo la pili, wakati wa palizi. Kinachobaki ni mbuzi. Baada ya mavuno mifugo ya kijiji kizima inaachiwa mashambani, inakula chipukizi mpaka chini.

BwanaShambaMstaafu: Zungushia matawi ya miiba ya mkungugu.

MamaChamwino: Miiba yenyewe kwetu inabebwa usiku ikazibe zizi. Mbuzi ni la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji, na hata huko wenye mifugo ndio wengi.