Naomba ushauri: kisukumio kinakosa nyanya mkanda ukijaa

Wakuu, habari za kazi. Niko Dodoma, natengeneza mkanda wa kutenganisha nyanya mbivu na mbichi. Rangi inasomeka vizuri kwa HSV ya OpenCV. Nyekundu naichukua pande zote mbili, 0–10 na 170–179.

Kinachonisumbua ni kisukumio cha kutoa mbichi. Kiko sentimita 40 kutoka kamera, mkanda unakwenda sentimita 20 kwa sekunde, hivyo kinasubiri sekunde 2. Mkanda ukijaa, mota inalemewa. Kasi ikishuka hadi 16, kinapiga wakati nyanya bado iko nyuma kwa sentimita 8, na iliyotangulia, hata kama ni mbivu, ndiyo inasukumwa.

Nifunge enkoda kwenye rola nipime umbali badala ya muda? Au sensa ya mwanga kabla ya kisukumio inatosha? Nahofia nyanya zikigusana itazihesabu kama moja.