Linki ya mtihani haifunguki, halafu naambiwa mimi ndio sijui kufuata MAELEKEZO RAHISI

Mchele_Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu nimekaa hapa chai imepoa sijaigusa, mkono unatetemeka. Yule dada wa ajira wa wale jamaa wa jengo la vioo, mnamjua, kila aliyewahi kuomba kazi mji huu anamjua, yule ambaye sahihi ya imeili yake ina mistari saba na chini kuna kapicha ka mti anatuomba tusichapishe karatasi. Leo kanimaliza.

Jana Alhamisi jioni wamenitumia linki ya mtihani wa nafasi ya karani wa stoo, dakika 45, mwisho leo Ijumaa 23:59. Nimejiandaa kama bwana harusi, nimeoga, nimeunga bando, nimemfukuza mdogo wangu sebuleni, jogoo wa jirani tu ndio sikumuomba radhi. Saa 2:14 usiku nabonyeza, inakuja `Invalid link`. Nabonyeza tena, `Invalid link`. Nimejaribu Chrome, nimejaribu Firefox, nimejaribu simu ya mama ambayo kioo chake kimepasuka mpaka ukisoma meseji unadhani ni ramani ya mito. Ile ile.

Nikamwandikia kwa adabu zote, "Habari dada, linki haifunguki, naomba nyingine." Maneno sita. Hakuna tusi hapo.

Leo asubuhi anajibu: "Mpendwa mwombaji, tumeijaribu linki na inafanya kazi vizuri kwa upande wetu. Tunatafuta watu wanaoweza kufuata maelekezo rahisi." Halafu kaweka kauso kanakotabasamu!!

MAELEKEZO RAHISI. Mimi. Maelekezo yenyewe yalikuwa "bonyeza hapa anza mtihani". Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu jamani, nibonyeze kwa goti? Maelekezo rahisi na kauso juu yake!

Bi_Tausi

Hahahaa pole mdogo wangu, ila hako kauso ndio kameniua. Mimi aliwahi kuniita "Mpendwa Jina_la_Kwanza". Hivyo hivyo na mistari ya chini.

Kobe wa Mbagala

Bando limeisha mkuu, sema ukweli tu 😂

Mchele_Mbichi

Bando lilikuwepo, nilikuwa naangalia mpira hapo hapo. Usinichokoze leo.

Kobe wa Mbagala

Kumbe mtihani unaufanya huku unaangalia mpira. Dada hajakosea.

Zuwena99

Weka hiyo linki hapa na sisi tujaribu, labda kwetu itafunguka

Fundi_Seva

USIWEKE. Hizo linki kila mwombaji ana yake, ile mikia ya herufi na namba mwishoni ndio wewe. Akiifungua Zuwena, mfumo unajua umeifungua wewe. Niliwahi kukaa miaka miwili kwenye ofisi inayotuma mitihani ya namna hii, malalamiko ya linki ndiyo yalikuwa chai yangu ya asubuhi.

Niambie vitu viwili tu. Ile linki ulibonyeza kitufe au ilikuwa maandishi ya buluu? Na kama ni maandishi, ilikuwa mstari mmoja au miwili?

Mchele_Mbichi

Maandishi. Miwili. Wa juu wa buluu, wa chini mweusi. Nimebadilisha herufi kidogo ila iko hivi:

```
https://mtihani.example.com/anza?t=9f3Kq7-
Lm20xA
```

Fundi_Seva

Basi wa kwanza tumempata. Dada hakukutumia mwaliko kutoka kwenye mfumo, kaikopi linki akaibandika kwenye imeili yake ya kawaida, ikakatika pale kwenye kistari. Sehemu ya buluu ndiyo pekee inayobonyezeka, kwa hiyo ulikuwa unapeleka nusu ya ufunguo mlangoni. Ukijaribu Chrome, Firefox na simu ya mama, ni nusu ile ile ya ufunguo kwenye milango mitatu. Chukua mistari yote miwili, iunganishe bila nafasi katikati, bandika juu kwenye sehemu ya anwani.

Kobe wa Mbagala

Kwa hiyo maelekezo yalikuwa rahisi kweli 😂😂😂

Mchele_Mbichi

Kobe nitakutafuta Mbagala nzima.

Nimeunganisha. Sasa inasema `This invitation has already been used`. Imetumiwa na nani?? Sijaona swali hata moja! Hata lile la asilimia ambalo wanaweka kila mwaka!

Fundi_Seva

Soma tena imeili yake. "Tumeijaribu linki na inafanya kazi."

Bi_Tausi

Uwiiiii

Mchele_Mbichi

Subiri.

Fundi_Seva

Eeh. Mifumo mingi linki hufunguka mara moja. Yeye kwenye mfumo ana linki nzima, kaibonyeza, ikafunguka, karidhika, kafunga dirisha, kakuandikia. Kwa kuhakikisha kwamba inafanya kazi ndio kaiua.

Mchele_Mbichi

YAANI KANIFANYIA MTIHANI. Kanifanyia mtihani halafu kaniambia mimi sijui kufuata maelekezo rahisi. Na kauso. Kauso kanatabasamu kwa sababu kalishaona maswali!!

Lodi_wa_Mtaa

Sio lazima awe dada. Kuna ofisi na watoa imeili wengine wana kinga inayofungua linki zote kabla hazijakufikia kuangalia kama ni za matapeli. Hiyo kinga inaweza kuwa ndio imetumia mwaliko. Na kuhusu muda usihofu, kama ile 23:59 ni ya UTC unatoa masaa matatu, kwa hiyo kwetu inafunga saa 2:59 usiku. Wahi.

Fundi_Seva

Kinga ipo kweli na inafanya hivyo, hapo uko sawa, ila hiyo hutokea imeili inapoingia, na yeye jana linki aliyopokea ilikuwa nusu, kinga ingefungua nusu. Sibishi sana, hatujaona kumbukumbu za mfumo wao. Kwenye masaa umegeuza. Sisi tuko mbele ya UTC kwa masaa matatu, unaongeza hutoi, kwa hiyo ingekuwa saa 8:59 usiku kuamkia Jumamosi. Lakini imeili imeandika UTC?

Mchele_Mbichi

Haijaandika chochote. 23:59 kavu.

Fundi_Seva

Basi ishi kama ni saa 5:59 ya usiku wa leo hapa nyumbani, usibahatishe. Na mwandikie sasa hivi, ila sio yale maneno sita. "Haifunguki, naomba nyingine" ukimpa mtu mwenye waombaji mia tatu, atabonyeza kwake, ikifunguka umekuwa muongo. Mpe kitu asichoweza kukijibu kwa kubonyeza. Jibu kwenye imeili ile ile aliyokutumia ili historia iwe chini, piga skrinshoti inayoonyesha anwani yote juu na saa ya simu, halafu andika kama hivi:

"Habari dada. Naandika kuhusu mtihani wa nafasi ya karani wa stoo, unaofungwa leo 23:59. Linki niliyopokea ilikatika mistari miwili, ndiyo maana jana saa 2:14 usiku ilileta `Invalid link`. Leo nimeiunganisha, inaleta `This invitation has already been used`, skrinshoti iko hapa chini. Sijaanza mtihani na sijaona swali lolote. Naomba mwaliko wangu uanzishwe upya kwenye mfumo, kwa sababu ukitumwa tena ule ule utaleta jibu hilo hilo. Kama utapatikana jioni, naomba pia muda usogezwe."

Hilo la kuanzishwa upya usiliache. Kwenye mfumo tuliokuwa nao sisi kuna kitufe cha kutuma tena na kuna cha kuanzisha upya, wengi wanabonyeza cha kwanza maana kiko karibu, na linki inayokuja ni ile ile iliyokufa. Mara ngapi nimeona mtu katumiwa linki nne na zote ni maiti moja.

Mchele_Mbichi

Nitaje kwamba yeye ndio kaitumia?

Fundi_Seva

Usitaje. Akifungua mfumo ataona mwenyewe saa iliyofunguliwa. Mwache aione peke yake.

Mchele_Mbichi

Nilikuwa nishaandika aya tatu kuhusu maelekezo rahisi. Nimefuta mbili.

Bi_Tausi

Futa na ya tatu baba.

Mzee_Kibarua

Vijana mnalalamikia linki. Mimi nimetumiwa linki ya kundi la WhatsApp la harusi ya binamu, nimebonyeza inasema imebatilishwa, nimemuuliza mwenyekiti ananiambia mchango kwanza. Nifanyeje?

Kobe wa Mbagala

Mzee fuata maelekezo rahisi.

MtaalamMajibu

Natoa huduma ya kufanyia watu mitihani ya ajira, bei poa, nifuate inboksi

Zuwena99

Huyu apelekwe kwa yule dada washindane nani anafanyia watu mitihani vizuri

Mchele_Mbichi

Nimetuma saa 5:40 asubuhi, skrinshoti na kila kitu, ya tatu nimefuta. Dakika moja baadae imeili imeingia, moyo umeruka. Ni jibu la mashine: yuko nje ya ofisi mpaka Jumatatu. JUMATATU. Mtihani unafungwa leo! Asubuhi hii hii alikuwepo wa kuniambia maelekezo rahisi!

Fundi_Seva

Ndani ya hilo jibu la mashine kawaida kuna jina la anayemshikia nafasi. Peleka huko hiyo hiyo, usiandike upya. Na kwenye ukurasa wa mtihani wenyewe, chini kabisa, mara nyingi kuna anwani ya msaada ya wenye mfumo. Wao hawakupi linki mpya bila mwajiri kukubali, ila wanaweza kumwandikia mwajiri kwamba kweli mwaliko ulifunguliwa na hakuna swali lililojibiwa.

Lodi_wa_Mtaa

Mimi ningepiga simu. Ukiandika wanakupuuza, ukipiga wanashtuka.

Bi_Tausi

Kule simu inapokelewa na mlinzi. Niliwahi kupiga nikaambiwa "dada yuko juu". Nikauliza juu wapi. Akasema juu.

Mchele_Mbichi

Anayemshikia nafasi yupo, nimempelekea. Hajajibu. Nimekaa na laptopu imefunguka kama mtu anayesubiri uji.

Neema_wa_Ubungo

Afadhali nyie mnapewa linki. Mimi wiki iliyopita nimeitwa intavyuu ya video, kamera yao imezimwa, nimejieleza dakika ishirini, mwisho sauti ya mtoto ikasema "mama hayupo".

Kobe wa Mbagala

😂😂😂 Neema fungua uzi wako

Zuwena99

Hapana aendelee hapa hapa. Mtoto akasemaje tena?

Neema_wa_Ubungo

Aliniuliza kama najua kutengeneza karatasi iwe ndege. Nikamwambia najua. Hiyo ndiyo nafasi pekee niliyofaulu mwaka huu.

Mzee_Kibarua

Na kuhusu lile kundi la harusi hakuna aliyenijibu.