Rufaa Rungwe: kupinga kutiwa hatiani au kupinga adhabu? Siku zinakwisha

Sekela, Minneapolis, 10 Novemba
Habari za huko ndugu zangu. Mdogo wangu ni dereva wa Fuso. Jumanne tarehe 4 Mahakama ya Wilaya ya Rungwe ilimfunga miaka mitatu kwa wizi wa magunia ya kahawa. Aliposomewa shtaka alijibu "ni kweli". Anasema alikodiwa kubeba tu, hakujua ni mali ya wizi. Tunataka kukata rufaa afutiwe kesi yote. Tuna muda gani?

Lugano, Leicester
Ugonile dada. Siku 28. Lakini aliyekiri hana rufaa, hilo lisahau.

Ambwene, Mbeya
Kaka Lugano, siku 28 ni za huko Uingereza. Dada Sekela, usizifuate hata kidogo.

Kwa kesi iliyotoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu kuna hesabu mbili za siku zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Tarehe 4 yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo mwisho ni Ijumaa tarehe 14. Ya pili ni siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa, yaani hadi 19 Desemba, ila muda wa kusubiri nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, hauhesabiwi. Mkiomba nakala kwa barua tarehe 11 Novemba mkazipata tarehe 1 Desemba, siku 20 zinaongezwa na mwisho unakuwa 8 Januari. Barua hiyo igongwe muhuri wa mahakama na mbaki na nakala, maana bila hiyo mtathibitishaje mliomba lini?

Wengi wanaanguka kwenye zile 10. Wanasubiri hukumu iliyochapwa, wanaandika sababu nzuri sana ndani ya siku 45, halafu rufaa inaondolewa kwa kuwa taarifa haikutolewa. Taarifa haihitaji sababu wala nakala. Ni karatasi moja, anasaini yeye mwenyewe na kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Kesho mtu aende gerezani.

Atupele, Makambako
Kamwene. Mbona kesi yetu ya mahakama ya mwanzo tuliambiwa siku 30, na hatukuandika kusudio lolote?

Ambwene
Shangazi, hiyo ni njia nyingine. Kutoka mwanzo kwenda wilaya ni siku 30 na unapeleka rufaa yenyewe. Dada Sekela asichanganye.

Sasa kuhusu kukiri. Lugano amepatia nusu. Aliyekiri anaruhusiwa kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Lakini tangu shauri la Laurent Mpinga la 1983 kuna milango minne ya kupinga hata kule kutiwa hatiani: jibu lilikuwa na utata au halikukamilika, alikiri kwa kukosea au kutoelewa, shtaka halionyeshi kosa lolote, au maelezo aliyoyakubali, hata yakiwa kweli yote, hayafikii kosa aliloshtakiwa. Mlango wa nne ndio wa kuangalia hapa. Baada ya "ni kweli", mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio na mshtakiwa huulizwa kama anayakubali. Kama yanasema alibeba magunia tu, bila neno lolote la kujua au kukusudia kuiba, wakili ana pa kushika. Kama yanasema aliyachukua ghalani usiku na wenzake na akakubali, mlango umefungwa, hata akiapa leo kwamba hakujua.

Lugano
Basi waombe vyote viwili, hatia na adhabu. Hasara iko wapi?

Ambwene
Vyote vinaingia kwenye rufaa moja, sawa. Hasara ni kwamba Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu, si kupunguza tu. Na jaji hapunguzi kwa kuwa angekuwa yeye angetoa miaka miwili. Anataka kuona adhabu isiyo halali, kanuni iliyokosewa, au jambo zito lililopuuzwa, mfano kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza na alikiri mapema. Au adhabu iwe kubwa kupita kiasi waziwazi. "Ana watoto wadogo" peke yake ni maneno mepesi. Pia ukali wa adhabu unaishia hapo: Mahakama ya Rufani hupokea hoja za sheria tu kwa kesi iliyoanzia wilayani, na ukali hauhesabiwi kuwa hoja ya sheria.

Sekela
Tukikosa tarehe 14?

Ambwene
Mtaomba Mahakama Kuu kuongezewa muda, kwa hati ya kiapo inayoeleza kila siku ya kuchelewa. Mfungwa akisema karatasi zilikwama gerezani, kiapo cha mkuu wa gereza kinamsaidia. Chako cha Minneapolis hakitasaidia, huwezi kuapia usichokishuhudia.

Sekela
Nimempigia mjomba, anakwenda kesho asubuhi. Maelezo yaliyosomwa hakuna anayeyakumbuka. Mdogo wangu anasema yalisomwa haraka, naye akajibu "sawa".

Ambwene
Hiyo "sawa" tuione imeandikwaje kwenye mwenendo. Kabla ya hapo siwezi kukuambia ni mlango gani.